Kununua stebokoini ukiwa Kampala: ipi nainunua kwanza na ipi siigusi

Wenzangu wa Kikuubo mnaoagiza mzigo China na Dubai mmeniuliza sana mnunue stebokoini ipi, yaani zile koini za kripto zinazotakiwa kubaki bei ya dola moja, so leo naandika mara moja. Kabla ya kuangalia jina la koini, uliza kitu kimoja tu: nikiirudisha leo, nani ananipa dola yangu, na anaitoa wapi?

Maana bei haisimami kwenye dola moja yenyewe tu, kuna watu wanaisimamisha. Tuseme koini imeshuka sokoni mpaka senti 98, mfanyabiashara mkubwa ananunua milioni moja kwa dola 980,000 anaipeleka kwa kampuni iliyoitoa, anapewa dola 1,000,000 kamili, elfu 20 ni yake, na huko kununua kwake ndo kunapandisha bei tena. Hiyo inafanya kazi siku zote ambazo kampuni ina hela ya kumpa. Siku watu wakianza kuwa na wasiwasi kama hela ipo, hakuna anayenunua tena.

Namba moja kwangu ni USDC ya kampuni ya Circle. Akiba yake ni hela benki na hati fungani za muda mfupi za serikali ya Marekani, na wanaonyesha hesabu. Ila nayo ilishawahi kuyumba. Ijumaa ya tarehe 10 Machi 2023 benki ya Silicon Valley ilifungwa, na Circle walikuwa na dola bilioni 3.3 mle ndani, kati ya akiba ya kama bilioni 40. Jumamosi jirani yangu wa duka kanionyesha simu, USDC imeandika 0.88, mkono unamtetemeka, akauza zote palepale. Sasa piga hesabu: hata hizo bilioni 3.3 zingepotea zote, bado kila koini ingebaki na senti kama 92 nyuma yake. Serikali ya Marekani ikatangaza Jumapili kwamba wenye hela benki watalipwa, na Jumatatu bei ikarudi karibu na dola. Yeye hasara yake ilikuwa imeshafungwa. Wikendi benki zimefunga, hakuna anayeweza kurudisha koini apewe dola, ndo maana bei ilianguka kiasi kile.

Namba mbili USDT ya Tether. Hii ndo rahisi kupata kwetu, ukimwambia mchina wako unamtumia USDT haulizi swali. Lakini mwaka 2021 walipigwa faini ya dola milioni 41 na mamlaka ya Marekani kwa sababu walisema kila koini ina dola nyuma yake wakati kuna vipindi haikuwa hivo, alafu kurudisha moja kwa moja kwao kunaanzia dola laki moja, so mimi na wewe tunategemea sokoni tu. Naitumia kutuma, inunue asubuhi itume mchana, akiba ya miezi siiweki humo.

Tatu DAI. Yenyewe inatolewa kwa rehani, mtu anaweka etha, koini nyingine ya kripto, ya dola 150 au zaidi anapata DAI 100, rehani ikipungua thamani inauzwa kabla haijaisha. Mpango mzuri, ila ndani yake kulikuwa na USDC nyingi, so ile Machi 2023 na yenyewe ikashuka. Kwa duka inachosha pia, huku wanunuzi wake ni wachache.

Ya kukimbia ni ile isiyo na akiba, na mfano wake ni UST ya Terra. Ukirudisha UST moja hupewi dola, unapewa Luna, koini nyingine ya haohao Terra ambayo bei yake inapanda na kushuka, za thamani ya dola moja, zinachapishwa palepale. Luna ikiwa dola 80 unapewa kipande kidogo cha Luna moja. Ikishuka mpaka dola moja unapewa Luna nzima, ikifika senti moja unapewa 100. Unaona shida ilipo? Mei 2022 watu walianza kutoka kwa wingi, kila anayetoka anachapisha Luna mpya, anaziuza, Luna inashuka, anayefuata anahitaji nyingi zaidi. Ndani ya siku chache Luna zilitoka mamilioni mia kadhaa zikafika matrilioni, bei ikawa sehemu ndogo sana ya senti, na UST yenye thamani ya kama dola bilioni 18 ikaisha nayo.

Na dalili ilikuwa wazi mbele ya macho. Sehemu ya kuwekea UST, Anchor, ilikuwa inalipa karibu asilimia 20 kwa mwaka wakati dola za kawaida benki zilikuwa zinalipa kidogo sana. Ukiambiwa kuna stebokoini inakupa riba hivo, muulize anayekuuzia hiyo riba inatoka kwenye biashara gani, na akianza kukuambia habari ya koini nyingine inayoishikilia, funga simu. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Uganda iliwaambia kampuni za malipo zisibadilishe kripto kuwa mobail mani, so ikianguka mkononi mwako hakuna ofisi hapa Kampala ya kukurudishia.