Baiskeli ya umeme inazima njiani, dukani wakaniambia kontrola imekufa

Naandika nikiwa na hasira na sijifichi. Baiskeli yenyewe sio mbaya, au tuseme nilikuwa naona sio mbaya, ngoja tutafika huko. Shida yangu kubwa ni pale dukani Kariakoo walikoniuzia.

Ilianza hivi, kuna siku natoka Mikocheni naelekea mjini, kwenye matuta ya Barabara ya Bagamoyo ya zamani motor ikakata ghafla. Navuta mafuta, kimya. Nikagusa breki nikaachia, ikarudi. Nikajua labda ni mambo ya siku moja, kumbe ndo ikawa tabia, kila penye rasta inakata, nikicheza na breki inarudi, na muda wote huo dashibodi inawaka vizuri tu, betri inaonyesha iko juu. Hiyo ya dashibodi kuwaka ikumbuke maana ndo kila kitu.

Nikaipeleka dukani. Yule kijana hata kuinua tairi hakuinua, hakushika mita, aliisukuma hatua chache akasema "dada, kontrola imekwisha hiyo, laki na themanini na kazi." Kontrola ndo kile kiboksi kinachoipa motor umeme. Nikamwuliza umejuaje, akacheka, akamgeukia mwenzie, "hawa wadada wanapitisha baiskeli kwenye maji halafu wanatuuliza sisi." Maji gani jamani, kiangazi chote hicho! Halafu wakanidai elfu ishirini ya ukaguzi. Ukaguzi upi? Nikalipa kwa sababu walikuwa wameishikilia baiskeli.

Mtaani kwetu kuna mzee fundi redio, baiskeli za umeme sio kazi yake kabisa, ila ana mita na ana akili. Nikamwamkia, nikamweleza, swali lake la kwanza likawa, "mwanangu, ikikata, ile taa ya dashibodi inazima au inabaki?" Nikamwambia inabaki. Akasema basi betri tuiache kwanza, maana umeme ungekuwa unakatika kwenye betri au kwenye plagi yake dashibodi nayo ingezima. Ikibaki inawaka maana yake umeme unafika, ila kuna kitu kinaiambia kontrola isimame. Na kinachoiambia isimame mara nyingi ni swichi za breki au mkono wa mafuta. Yaani kwa swali moja ameshafanya kazi kuliko duka zima.

Tukaiweka tairi la nyuma juu ya stuli lizunguke hewani. Akaanza na mkono wa mafuta. Una waya tatu, mwekundu unaleta kama volti 5 kutoka kontrola, mweusi ndo wa kurudi, wa tatu ndo unaobeba habari. Plagi haichomoi, anachomeka ncha ya mita kwa nyuma yake. Ukiwa hujavuta, ule wa tatu unasoma chini kidogo ya volti 1, ukivuta taratibu unapanda mpaka karibu na 4. Wangu ulipanda vizuri bila kurukaruka. Akasema ungekuwa unaanguka ghafla katikati, mkono ndo mbovu, na kama ule mwekundu ungekosa zile 5 basi usiulaumu mkono, shida iko kwenye kontrola au kuna shoti mahali.

Halafu breki. Nishike mafuta tairi lizunguke, yeye akaugonga mkono wa breki wa kulia kwa kidole, tairi linaendelea. Akagonga wa kushoto, kagusa tu, tairi likakata. Akagonga tena, likakata. Nilipiga kelele majirani wakatoka nje.

Kwa wasiojua, baiskeli hizi nyingi zina kiswichi kidogo ndani ya mkono wa breki, ukifunga breki kinaiambia kontrola ikate motor ili usishindane nayo. Akachomoa plagi ya ule wa kushoto, tukagonga tukachoka, tairi halikati. Akaweka mita kwenye mlio, akaishika hiyo plagi, bila kufunga breki inatakiwa iwe kimya, ukifunga ilie. Yangu ilikuwa inalia ukiutikisa mkono tu. Kufungua ndani tukakuta vumbi na chumvi ya pwani vimeganda, kile kitufe hakitoki chote, kimebaki nusu, na waya wa breki umekazwa sana kiasi kwamba mkono haurudi mpaka mwisho. Ukipita kwenye tuta mkono unatikisika, kitufe kinagusa, motor inakata. Kikasafishwa na dawa ya kupuliza ya umeme, waya ukalegezwa kidogo, kwisha. Ila mzee alinionya nisije nikatembea na plagi imechomolewa eti nimepona, hiyo ni ya kupimia tu, mkono wa mafuta ukikwama siku ukiwa umefunga breki motor itaendelea kukusukuma kwenye daladala.

Na ile kontrola "imekwisha"? Hivi kontrola iliyoungua inafufuka kila ukigusa breki? Mzee alichomoa betri, akalizungusha tairi kinyumenyume kwa mkono, laini kabisa. Kontrola ikipiga shoti kule ndani tairi linakuwa zito, linakwenda kwa kushtukashtuka, na ukichomoa zile waya tatu nene za motor linalainika. Likibaki zito, basi angalia motor. Kupima dakika moja! Hata mita haihitajiki! Laki na themanini walitaka.

Kwa hiyo hapa nilikuwa nakuja kuandika kwamba baiskeli ni nzuri, tatizo ni duka. Nyota nne. Nikawa napanda na raha zangu.

Halafu juzijuzi hapa ikakata tena. Ila safari hii dashibodi nayo ikazima yote, giza, ikarudi baada ya kuitingisha betri. Basi hapo najua mwenyewe pa kuangalia. Kuchomoa betri, kwenye kile kikalio chake pale chini, vile vibati viwili vya shaba, kimoja kimekuwa cheusi na plastiki pembeni imeyeyuka. Screw za kikalio zimelegea, betri inacheza, kibati hakibani, umeme unaruka na pale pakipata moto ndo panazidi kulegea. Na ukipima imetulia huoni kitu, huku na huku volti sawasawa. Mzee alipima nimefunga breki ya nyuma nusu, swichi yake tukiwa tumeichomoa kwa muda, motor ifanye kazi kweli: upande wa betri 50, upande wa kontrola 43. Volti 7 zinapotelea kwenye kibati! Ncha za mita pale uwe makini sana, zisigusane, betri hizi zikipiga shoti sio mchezo.

Sasa hii sio chumvi ya pwani wala sio dada kapita kwenye maji. Screw za kikalio cha betri hazikukazwa vizuri tangu ilipotoka kiwandani, na zile nilizozikuta hazina hata gundi ya kuzuia zisilegee. Kwa hiyo ile sifa ya baiskeli naifuta. Nyota mbili. Hapana, ikipanda mlima inapanda, na chaji inakaa, hilo siwezi kudanganya, weka tatu.

Kikalio kipya nimekipata kwa fundi mwingine, nimeweka na gundi ya screw, haijakata tena. Duka nimewapigia simu wanirudishie elfu ishirini yangu ya ukaguzi, yule yule kijana akapokea, akasema, "dada si ulishapona?" Akakata. Hata nyota moja siwapi.