Tesseract kwa fomu zetu za lugha mbili: uzoefu wangu

Ninatunza kumbukumbu za wanachama kwenye Saccos. Fomu yetu ya kujiunga imechapwa kwa lugha mbili: Jina / Name, Jinsi / Sex, Kata / Ward. Wanachama huijaza kwa kalamu, mawakala huipiga picha kwa simu na kunitumia. Kila fomu inatakiwa iwe rekodi moja, na kwa kazi hiyo nimetumia Tesseract, programu ya bure ya kusoma maandishi kwenye picha. Amri yangu ni hii:

```
tesseract fomu.jpg fomu -l swa+eng --psm 6 tsv
```

Sehemu ya `swa+eng` ndiyo inayoifanya isome lugha zote mbili. Faili la `tsv` linakupa kila neno na mahali lilipo kwenye picha, na hapo ndipo thamani yake kwangu. Mwandiko wa mkono haiuwezi, usijidanganye. Inachonisaidia ni kupata lebo zilizochapwa. Nikishajua lebo ilipo, hati yangu ya Python inakata kipande cha picha kando yake, nami nachapa ninachokiona.

Mwanzoni niliharibu. Kila lebo niliipa sehemu yake kwenye rekodi, kwa hiyo `kata` ikawa na jibu na `ward` ikabaki tupu. Sasa nina jedwali dogo ambamo lebo zote mbili zinaelekea jina moja:

```
Kata  -> kata
Ward  -> kata
Jinsi -> jinsi
Sex   -> jinsi
```

Picha ikiwa na kivuli, herufi hupotea, hivyo niliruhusu lebo ikubalike hata ikikosewa herufi mbili. Kosa kubwa! Jina na Jinsi zinatofautiana kwa herufi mbili tu, na jinsi ya mtu ikaingia mahali pa jina lake. Dawa ilikuwa kwenye fomu yenyewe: sikubali lebo mpaka mwenzake wa Kiingereza aonekane kwenye mstari uleule. Hata Jinsi ikidhaniwa kuwa Jina, haikubaliki iwapo pembeni pameandikwa Sex. Tangu hapo mchanganyiko huo sijauona tena.

Majibu nayo yana mitego. Kwenye Jinsi / Sex, mtu akiandika M peke yake, kwa Kiingereza ni mwanaume, lakini aliyefikiri Kiswahili anaweza kuwa amemaanisha mwanamke. Hiyo naiacha wazi na kumpigia wakala. Tarehe ya kuzaliwa 03/04/1987 naihakiki kwa namba ya NIDA, kwa sababu tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku. Zikisomeka 19870403, ni tarehe 3 Aprili. Zikisomeka 19870304, mwanachama au aliyemjazia ametanguliza mwezi, na naandika ya NIDA.

Namba ya simu nayo ihifadhiwe kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea.