Uzoefu wangu: Barua pepe ya kampuni ya mbegu iliyonitaka niuze mahindi mapya yanayostahimili ukame

Ninauza pembejeo za kilimo, na sehemu kubwa ya mauzo yangu ya mwaka hutokana na mbegu za mahindi katika wiki chache zinazotangulia upandaji. Wiki saba kabla ya msimu uliopita nilipokea barua pepe kutoka kwa kampuni ya mbegu ambayo sikuwahi kufanya nayo biashara, ikinitaka niweke dukani aina mpya ya mahindi chotara inayostahimili ukame. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wauza pembejeo wenzangu wanaopokea barua kama hiyo, kwa kuwa karibu kila jambo nililohitaji kulijua ili niamue halikuwamo ndani yake, na ilinibidi niliulize.

Barua ilikuwa na aya nne fupi na picha ya hindi nene lililolazwa karibu na hindi jembamba. Ilisema kwamba aina hiyo hutoa mavuno hata mvua ikikosekana, kwamba inazizidi aina zilizozoeleka kwa asilimia 40, kwamba oda ya chini kabisa ni mifuko 120 ya kilo 2, na kwamba malipo yote hufanywa kabla ya mzigo kutoka ghalani. Aliyeiandika alitumia anwani ya barua pepe ya bure isiyobeba jina la kampuni, jambo ambalo peke yake lingetosha kunifanya niifute, kwani mbegu bandia huingia madukani kwa njia za namna hiyohiyo. Sikuifuta kwa sababu tu wateja wangu walikuwa wameniuliza mara kadhaa kuhusu mbegu ya ukame.

Sikupiga namba iliyokuwa kwenye barua. Nilimwomba muuzaji mwenzangu mfuko wa mbegu nyingine ya kampuni hiyohiyo, nikapiga namba iliyochapishwa juu yake, na huko wakathibitisha kwamba mwandishi ni afisa mauzo wao. Kisha nikalitafuta jina la aina hiyo katika orodha rasmi ya aina za mbegu zilizoidhinishwa kuuzwa, nikalikuta. Kazi yote ilichukua asubuhi moja, na kampuni ingeweza kuniepusha nayo kwa kutumia anwani yake yenyewe na kutaja mwaka ambao aina hiyo iliidhinishwa.

Dai la mavuno ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu mimi ndiye nitakayesimama mbele ya mkulima likishindwa. Hakuna hindi linalozaa bila maji. Uwezo wa kustahimili ukame unaonekana hasa katika kipindi cha kuchanua, takriban wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya ndevu kutoka. Mmea wa kawaida ukibanwa na ukame wakati huo, mbelewele iliyo juu humwaga chavua kwa wakati wake, lakini ndevu za hindi huchelewa kutoka. Zinapotoka chavua imekwisha, na mkulima huvuna hindi lenye punje za kuhesabika. Watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Mexico, walianza katika miaka ya 1970 kuchagua mimea ambayo muda kati ya chavua na ndevu haurefuki sana hata udongo ukikauka, na uchaguzi wa namna hiyo umekuwa nguzo mojawapo ya kuzalisha mahindi ya ukame. Kwa hiyo mbegu hii inaweza kumsaidia mkulima ambaye mvua imekatika mahindi yakiwa yanachanua. Haimsaidii aliyepanda katika udongo mkavu mbegu ikashindwa kuota, wala yule ambaye msimu wake mzima haukupata mvua.

Nilimjibu afisa mauzo nikamwuliza ile asilimia 40 inapimwa dhidi ya nini na katika hali gani. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, na nakiri kwamba lilikuwa jibu la mtu anayeijua kazi yake. Alieleza kwamba tofauti hiyo ilionekana katika mashamba ya majaribio yaliyonyimwa maji kwa makusudi kuelekea kuchanua, na kwamba penye mvua ya kutosha aina hiyo ilikaribiana na ile iliyolinganishwa nayo. Maelezo hayo yanabadilisha kabisa namna ya kuiuza. Asilimia 40 katika shamba lililopigwa na ukame ni nyongeza juu ya mavuno madogo: aliyekuwa avune tani 1 kwa hekta atavuna tani 1.4, si aliyezoea tani 4 kupata 5.6. Kwa familia inayolima kwa ajili ya chakula chake, kilo 400 za ziada katika mwaka mbaya ni jambo kubwa sana, na sioni kwa nini barua ya kwanza haikusema hivyo waziwazi.

Suala la pili lilikuwa oda ya mifuko 120. Hiyo ni kilo 240, na kwa kipimo cha kilo 25 kwa hekta inatosha kupanda hekta 9.6. Hata hivyo, mkulima anayejaribu aina asiyoijua hanunui mbegu ya shamba zima. Hununua mfuko mmoja, akapanda mita za mraba 800 pembeni ya ile aliyoizoea. Kuimaliza mifuko 120 kungehitaji watu wengi mno walioamua kuamini jina jipya kwa wakati mmoja.

Mbegu iliyobaki nayo si kama jembe lililobaki, kwani huzeeka rafuni, hasa penye joto na unyevu, na msimu unaofuata inaweza kuwa imeshuka chini ya kiwango cha uotaji. Chukua mfano wa mifuko 100 iliyonunuliwa kwa 100 kila mmoja na kuuzwa kwa 112. Gharama yote ni 10,000. Ukiuza mifuko 89 umekusanya 9,968, maana yake mifuko 11 tu ikibaki faida yote imekwenda na umeanza kula mtaji. Ndiyo maana kwangu sharti la kurudisha mali isiyouzwa lina uzito kuliko punguzo lolote la bei, na barua haikulitaja hata kwa neno moja.

Tulikubaliana mifuko 40. Nusu nililipa taslimu na nusu nilipewa kwa mali kauli, kwa makubaliano ya maandishi kwamba mifuko isiyofunguliwa na isiyoharibika itapokelewa ndani ya siku 30 baada ya mauzo ya msimu kufungwa. Afisa mauzo alihitaji ruhusa ya mkubwa wake na tukapoteza wiki nzima. Katika biashara hii wiki ni kitu kikubwa, kwa maana mkulima akishanunua mbegu kwingine hakuna cha kumwuzia.

Mzigo ulipofika nilisoma lebo za mifuko yote kabla ya kutia saini. Mifuko 25 ilikuwa ya loti moja iliyopimwa uotaji miezi mitatu kabla, na 15 ilikuwa ya loti nyingine iliyopimwa miezi 11 kabla. Lebo zote mbili ziliandikwa uotaji wa asilimia 90. Nilifungua mfuko mmoja wa kila loti, nikapanda punje 100 za kila mmoja katika trei ya mchanga wenye unyevu, mistari minne ya punje 25, na siku ya saba nikahesabu miche yenye mzizi na chipukizi vilivyo kamili tu. Loti ya kwanza ilitoa miche 94. Ya pili ilitoa 78, na mingi kati ya hiyo ilikuwa dhaifu. Jaribio la trei moja haliwezi kuchukua nafasi ya maabara, ambako hupimwa punje 400, lakini tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba sikuweza kumwuzia mtu mbegu ambayo mashimo 22 kati ya 100 yangebaki matupu. Mkulima wa namna hiyo angeilaumu aina yenyewe, ilhali kosa lilikuwa la umri na uhifadhi. Kampuni ilibadilisha mifuko yote 15 bila kubishana, pamoja na ule niliofungua, ila gharama ya usafiri wa kuirudisha niliibeba mimi, na hilo sikuliona kuwa haki.

Dukani swali lililojirudia lilikuwa moja, na mzee mmoja aliliweka vizuri kuliko wote: "Hii ina tofauti gani na ile ya muda mfupi ninayoichukua kwako kila mwaka?" Nilimjibu, "Mzee wangu, ile huukimbia ukame, hii huuvumilia. Ile hukomaa kabla mvua haijakata. Hii inachelewa kidogo kukomaa, lakini mvua ikisimama wakati wa kuchanua haitoi ndevu nje ya wakati." Alichukua mfuko mmoja wa kila aina. Bango walilonitumia halikugusa tofauti hiyo kabisa, ingawa kwa maoni yangu ndiyo sentensi ambayo ingeuza mifuko mingi zaidi.

Niliuza mifuko 32 na kurudisha 6 iliyopokelewa kama tulivyoandikiana. Mmoja ulichanika dukani kwangu, na mmoja ni ule wa loti nzuri niliofungua kwa jaribio. Hiyo miwili nililipia. Kuhusu shamba, siwezi kutoa hukumu bado, kwa sababu mvua ilikuwa nzuri. Mama mmoja aliyepanda mifuko miwili aliniambia kwamba amepata sawasawa na mbegu yake ya siku zote, na nikamwambia kwamba mwaka wa mvua hayo ndiyo matarajio yenyewe. Sifa inayonunuliwa katika mbegu hii bado haijapimwa kwa wateja wangu, na nimejizuia kumwambia yeyote kinyume chake.

Kwa hiyo barua ya kwanza ninaipa alama ndogo: ilinisemesha kana kwamba mimi ndiye mpandaji, ikaacha nje tarehe ya kupimwa kwa loti, sharti la kurudisha na hali ambamo mavuno yalipimwa. Huduma iliyofuata ninaipa alama nzuri, nikiondoa suala la usafiri. Mwezi uliopita walinitumia barua nyingine, safari hii kutoka anwani ya kampuni, na mistari yake miwili ya mwanzo ilikuwa namba ya loti na tarehe ya kupimwa uotaji. Nimeagiza mifuko 60 kwa masharti yaleyale, nikaongeza moja: mzigo utakaorudishwa kwa kasoro ya uotaji usafirishwe kwa gharama yao.