Kalsiamu iliposhuka kwa mbwa anayenyonyesha: uzoefu wangu na huduma ya dharura ya usiku

Jike wangu mdogo wa uzito wa kilo 4 alikuwa akinyonyesha watoto watano walioingia wiki ya tatu, kipindi ambacho maziwa hutoka kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote, alipoanza kuhema, kuzungukazunguka bila kutulia na kujikuna usoni kana kwamba ana upele. Baada ya muda mfupi alikuwa akitembea amekakamaa miguu, misuli ya mapajani ikitetemeka, naye akawaacha watoto wakilia. Niliipigia simu kliniki moja yenye huduma ya usiku, na swali la kwanza la daktari lilikuwa kama anazaa au ananyonyesha. Nilipojibu, aliniambia niwatenge watoto na nimlete papo hapo.

Joto lake lilikuwa nyuzi 41.2. Daktari alipima sukari kwa tone la damu, kwa kuwa sukari ikishuka nayo huleta mitetemeko, kisha akaanza tiba kwa kufuata dalili bila kungoja majibu ya kalsiamu kutoka maabara. Alimpa mililita 4 za kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 kwenye mshipa, na hapo ndipo nilipouona ustadi wake: dozi hiyo ndogo aliisukuma kwa takriban dakika ishirini, steteskopu ikiwa kifuani muda wote, kwa sababu kalsiamu ikiingia haraka huweza kusimamisha moyo. Mapigo yalipopungua alisita, akasubiri yarudi, ndipo akaendelea. Kabla sindano haijaisha mitetemeko ilikuwa imetulia. Taulo zenye maji zilisaidia kushusha joto, lakini aliziondoa lilipofika nyuzi 39.5 ili lisishuke kupita kiasi.

Gharama ya usiku ni kubwa, nami sioni cha kulalamikia hapo. Kasoro niliyoiona ni kwamba maelekezo ya nyumbani yalitolewa kwa mdomo tu, nikalazimika kuomba yaandikwe, ilhali hatari ya hali hiyo kurudi iko hapo hasa: sindano haizuii maziwa kuendelea kuichota kalsiamu mwilini. Watoto walikaa mbali na mama yao kwa saa 24 wakilishwa maziwa maalumu ya watoto wa mbwa kwa chupa, wakaanzishiwa chakula kilicholowekwa, na waliporudishwa walinyonya mara chache huku chupa ikiendelea. Mama alihamishiwa chakula cha watoto wa mbwa, na akawa anapewa kalsiamu kaboneti miligramu 100 asubuhi na jioni hadi watoto walipoacha ziwa. Kama mitetemeko ingerudi, watoto wangeachishwa kabisa siku hiyohiyo.

Daktari aliuliza pia kama nilimpa vidonge vya kalsiamu alipokuwa na mimba, jambo ambalo wafugaji wengi hulifanya kwa nia njema. Sikuwa nimempa, na kwa mimba ijayo amesisitiza nisimpe: mwili unaopokea kalsiamu nyingi kutoka nje hulegeza tezi zinazoitoa kwenye mifupa, na maziwa yanapoanza kutoka tezi hizo huchelewa kuamka.