Nguo za ofisini zisizokunjamana kwa laki moja: anza na suruali

Mdogo wangu alipopata kazi ya kaunta katika ofisi moja pale Posta, alikuwa na shilingi 100,000 za nguo na akili yote iko kwenye mashati. Nikamwambia afikirie safari yake kwanza. Anatoka Mbagala, anakaa kwenye daladala saa nzima au zaidi, akifika anakaa tena hadi saa kumi. Shati likikunjamana mgongoni, kiti kinalificha. Suruali iliyokunjamana nyuma ya magoti na kwenye mapaja inaonekana na kila anayekuja kaunta. Kwa hiyo pesa kubwa iende kwenye suruali, na mashati yagawane kinachobaki.

Kabla ya bei, ujue kinachofanya nguo ikunjamane. Uzi wa pamba hunywa maji. Ukilowa jasho ukiwa umebanwa na kiti, viunganisho vidogo vilivyoushikilia huachia, na ukikauka hushikana upya pale pale ulipokunjika. Ndiyo maana shati la pamba tupu hukunjamana zaidi kwenye joto la Dar kuliko mahali pakavu. Poliesta hainywi maji karibu kabisa, kwa hiyo hurudi ilivyokuwa. Ubaya wake ni huo huo: jasho halina pa kwenda, linabaki kwenye ngozi, na baada ya miezi kadhaa kwapa za shati huwa na harufu ambayo sabuni haiitoi vizuri. Kila chaguo hapa chini ni namna ya kusuluhisha mambo hayo mawili.

Suruali

Namba moja kwangu ni mtumba wa sufu iliyochanganywa na poliesta. Najua utashtuka, sufu na Dar wapi na wapi. Lakini suruali za suti zilizovaliwa kule kwenye baridi nyingi ni za kitambaa chepesi, na sufu ina tabia moja nzuri sana: ukiitundika usiku, mikunjo ya mchana hujinyoosha yenyewe kwa sehemu kubwa. Itundike bafuni baada ya mtu kuoga maji ya moto, ule mvuke unafanya nusu ya kazi ya pasi. Lebo ikisema sufu 45 na poliesta 55, chukua. Sufu tupu nayo ni nzuri, ila inataka kufuliwa kwa upole kuliko wengi wetu tunavyofua.

Cha kuangalia ni makalio. Igeuze suruali kuelekea jua: kama makalio yanang'aa kama yamepakwa mafuta, nyuzi zimeshasagika na mng'ao huo hautoki. Kisha iweke mbele ya mwanga utazame katikati ya mapaja na matundu madogo ya wadudu. Tundu moja dogo ndani ya pindo si kesi. Tundu la gotini, irudishe.

Namba mbili ni kitambaa cha poliesta na viskosi, uzi laini unaotokana na miti. Ndicho mafundi wa Kariakoo wanachokiita TR, ambacho mara nyingi ni poliesta 65 na viskosi 35. Kinashika mstari wa pasi wiki nzima, kinaanguka vizuri mguuni, na kinapitisha hewa kuliko poliesta tupu. Mtu wa umbo la kawaida anahitaji mita moja na robo ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Kiloweke usiku mmoja na ukikaushe kabla ya kumpelekea fundi, kwa sababu viskosi husinyaa kwenye maji ya kwanza. Usipofanya hivyo, suruali iliyokukaa sawa siku ya kuichukua itakuacha vifundo nje baada ya kufuliwa.

Namba tatu ni suruali mpya za poliesta tupu, zile zinazotundikwa mbele ya duka zikiwa zimenyooka kama ubao. Hazikunjamani kweli. Zinachoma tu, na mapaja yakisuguana hutoa vijipira vidogo juu ya kitambaa. Kama ofisi ina kiyoyozi na hutembei sana, zinakubalika.

Kadeti ya pamba naiweka mwisho, hata yenye asilimia mbili za uzi wa kuvutika. Mvutiko unasaidia ukiinama, lakini haufuti mkunjo. Ukifika kazini saa mbili, tayari ina mistari mitatu kwenye nyonga kama mtu aliyelala nayo.

Jambo la mwisho kwenye suruali ni ukubwa. Inayobana mapaja itakunjamana hata ingekuwa ya kitambaa gani, kwa sababu kila ukikaa kitambaa kinavutwa na kubanwa pale pale. Ukiwa umekaa uweze kubana kitambaa cha paja kwa vidole kama sentimita mbili.

Mashati

Hapa mtumba unashinda tena, na sababu ni uteuzi. Shati ninalolitafuta kwanza ni mchanganyiko wa pamba na poliesta unaokaribia nusu kwa nusu, au pamba 60 na poliesta 40. Pamba inatosha kunywa jasho, poliesta inatosha kurudisha umbo. Tazama pia ufumaji: kitambaa chenye vijimstari vya mshazari au chembechembe kidogo hukunjamana kwa shida kuliko kile laini kama karatasi. Na chagua mistari myembamba au vijidrafti vidogo. Haviizuii mikunjo, lakini vinaificha. Shati la bluu mpauko lisilo na kitu linaonyesha kila kosa.

La pili ni shati la pamba lililotiwa dawa kiwandani, ambalo lebo yake hudai halihitaji pasi. Dai hilo lina ukweli: dawa hiyo hufunga nyuzi za pamba zisiteleze na kushikana upya vibaya. Lakini hupungua kila unapofua, na huufanya uzi uwe mkavu na mwepesi kukatika. Ndiyo maana mashati haya hufia kwenye mkunjo wa kola na viwiko, wakati sehemu nyingine bado nzima. Ukilikuta kwenye mtumba, kunja kola uikague kwa mwanga. Ikionyesha weupe wa nyuzi au ufa, shati limebakiza miezi michache. Na likiwa jeupe, usilitie dawa ya kung'arisha yenye klorini. Baadhi ya dawa hizo za kiwandani hushika klorini, shati likawa la njano na nyuzi zikaoza.

La tatu ni shati jipya la dukani, poliesta 65 pamba 35, tetroni ya wazee wetu. Bei yake nafuu, sura yake safi, na joto lake utalijua saa saba mchana. Ninalo moja jeupe kwa siku za wageni. La nne ni poliesta tupu yenye kuvutika, inayong'aa kidogo. Hiyo ni kwa mwenye kiyoyozi ofisini na kwenye gari. Kitani na pamba tupu nyembamba ziache kwanza hadi upate mtu wa kukupigia pasi kila asubuhi na umeme usiokatika alfajiri. Dada zangu, blauzi za viskosi tupu ziko kundi hilo hilo: zinaanguka vizuri mwilini, lakini ukikaa mara moja tu mgongo umekwisha.

Lebo ikiwa imekatwa

Kwenye mafungu ya Karume lebo nyingi hazipo, na muuzaji atakuambia chochote unachotaka kusikia. Fumbata upindo wa shati kwa nguvu ukihesabu hadi ishirini, uachie, uhesabu tena ishirini. Mikunjo mikali kama ya karatasi ni pamba tupu au kitani. Mikunjo ya mviringo inayofifia ukitazama ni mchanganyiko. Isipobaki hata alama, ni poliesta karibu yote.

Ukitaka uhakika zaidi, nunua moja kwanza, vuta uzi kutoka ndani ya pindo, nenda mbali na vibanda ukauchome kwa kiberiti. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na huacha jivu jepesi. Sufu hunuka nywele. Poliesta huyeyuka na kuacha kijipira kigumu cheusi. Mchanganyiko huungua kama karatasi, lakini ukisugua jivu lake unakuta vipunje vigumu. Uliponunua moja ukaridhika, rudi kwenye fungu lile lile, maana mara nyingi belo moja huwa na nguo za aina moja.

Hesabu ya mdogo wangu

Suruali ya sufu na poliesta aliipata kwa 15,000, fundi akaikata kiuno kwa 4,000. Kitambaa cha TR cha kijivu, mita moja na robo kwa 10,000 kila mita, kikamgharimu 12,500, na ushonaji 15,000. Hapo suruali mbili zimemla 46,500. Mashati matatu ya mtumba ya mchanganyiko kwa 7,000 kila moja ni 21,000, na jeupe jipya la tetroni 18,000. Mashati mawili yalikuwa mapana ubavuni. Kuyapunguza kukachukua 4,000. Jumla 89,500. Akaongeza henga sita za plastiki kwa 6,000, akabaki na 4,500 ya nauli.

Henga hizo si mapambo. Wiki ya kwanza alifua nguo zote kwa maji ya moto, akakamua kwa mikono miwili kama anavyokamua dekio, akaanika kwenye kamba kwa vibanio. Shati la tetroni likatoka na mikunjo ambayo hata pasi ilihangaika nayo. Poliesta hulegea kwenye joto la kuanzia nyuzi 70 hivi, na ukiikunja ikiwa imelegea kisha ikapoa, umeipiga pasi ya kukunja. Siku hizi anafua kwa maji ya bomba, hakamui. Anakung'uta, anafunga kifungo cha juu, anatundika kwenye henga kivulini likidondosha maji, na kuvuta kola na mistari ya mishono kwa vidole. Suruali anazitundika kwa miguu, kiuno kikiwa chini, uzito wa kiuno uvute kitambaa.

Pasi anaigusa Jumapili tu, kwenye suruali ya TR na lile shati jeupe. Mashati matatu ya mtumba yanatoka kwenye henga yanaingia mwilini. Suruali ya sufu ilikuwa na mkunjo mmoja juu ya goti la kulia, wa mwenye nayo wa kwanza, na ulichukua usiku tatu bafuni kuondoka.