TAHADHARI: Fundi anayekuuzia "saruji ya mkanda" bila kokoto

Ndugu zangu mnaojenga nyumba ya kwanza, someni hili kabla hamjamlipa fundi wa mkanda.

Makubaliano yangu yaliandikwa "kumwaga saruji kwenye mkanda, mifuko 9". Sikuona kasoro. Kumbe neno hilo ndilo lililompa mwanya. Saruji ni ule unga wa kwenye mfuko, kazi yake kugandisha vitu, na peke yake haimwagwi popote. Ukiichanganya na mchanga na maji unapata mota, ambayo mafundi wengi huiita udongo. Ni ya kuunganishia matofali na kupigia lipu. Ukiongeza kokoto ndipo unapata zege, na mkanda unaofunga kuta juu ya milango na madirisha lazima uwe zege lenye nondo.

Siku ya kumwaga nilikuta lundo la mchanga tu. Nikauliza kokoto ziko wapi. Akanijibu, "Dada, zote ni saruji tu, hii inashika vizuri zaidi." Nikanyamaza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mbao zilipotolewa, mkanda ulikuwa laini kama ukuta uliopigwa lipu, nami nikafurahi. Baada ya wiki chache nyufa nyembamba zikaukata mkanda kwa upana, mbaya zaidi juu ya mlango mkubwa. Nilikwaruza kwa msumari, mchanga ukamwagika mkononi. Tulipovunja kipande cha pembeni hatukukuta hata kokoto moja. Kokoto ndizo zinazobeba mzigo, tena hazisinyai. Mota tupu husinyaa inapokauka, na nondo inapoizuia inapasuka.

Mifuko mitupu niliyookota ilikuwa 6. Nilikuja kupiga hesabu mwenyewe: kuta zangu zina jumla ya mita 48, mkanda una upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 20, yaani karibu mita za ujazo 1.44. Zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kwa kipimo cha chombo kilekile) linataka mifuko 6 na kidogo ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Kwangu ni mifuko 9, ile ile niliyolipia. Kokoto zilitakiwa kama mita ya ujazo moja na robo, toroli 20 hivi za lita 60. Lundo la namna hiyo halijifichi.

Mkanda wote umebomolewa, na yeye hapokei simu. Kwenye makubaliano yenu andikeni "zege 1:2:4 lenye kokoto", pamoja na idadi ya mifuko. Siku ya kazi, kama kokoto hazipo kiwanjani, msiruhusu maji kumwagwa kwenye saruji.