Godoro la tano kwa sita: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Kitanda ninachokisema ni cha fundi, cha mbao, wanalala watu wazima wawili. Kabla ya kwenda dukani, pima ndani ya mifumbati, si nje. Tano kwa sita kamili ni sentimita 152 kwa 183, ila fundi aliyehesabu na unene wa mbao atakuachia 148, na godoro litapinda katikati kama ngalawa. Vitanda vya kuagizwa nje mara nyingi ni 150 kwa 200. Hapo godoro letu litabana ubavuni, na miguuni litaacha pengo la sentimita 17.

La kwanza kwangu ni sponji nzito ya inchi 8, ugumu wa wastani, kava la pamba lenye zipu. Zipu ina kazi mbili: kava linafuliwa, na unaifungua dukani uione sponji yenyewe. Uzito usiusome kwenye lebo, omba mizani. Godoro la vipimo hivyo lina ujazo wa mita za ujazo 0.56 hivi, kwa hiyo sponji ya kilo 28 kwa mita ya ujazo italipa godoro uzito wa karibu kilo 16. Likisoma kilo 10, hiyo ni sponji ya chini ya 20, hata kama muuzaji anakukalisha juu yake uone lilivyo gumu. Sponji nyepesi hutengenezwa ikawa ngumu vizuri tu; haidumu. Langu la zamani lilikuwa hivyo. Mwaka haujaisha, tukawa tunaviringikia shimo moja katikati.

La pili ni la vipande vya sponji vilivyosagwa na kubandikwa, lile la rangirangi ndani. Ni zito, haliingii bonde upesi, na inchi 6 zinatosha hata kwa mtu mnene. Ila ni gumu kwelikweli: anayelala ubavu ataamka bega linauma.

La tatu ni la springi, inchi 10. Hewa inapita, joto la Dar linavumilika. Tatizo ni chaga. Zikiachana zaidi ya inchi 3, springi huzama kwenye nafasi zile, kwa hiyo ongeza chaga au tandika plaiwudi kwanza.

La mwisho ni lile linalouzwa sana kwa macho: sponji nyepesi ya inchi 10, kava la poliesta linalong'aa. Shuka linateleza, jasho halifyonzwi, na unene unaficha wepesi wote. Juu ya hayo, mfumbati mfupi haulishiki lisisogee, ubao wa kichwani unabaki nusu, na chandarua kilichokuwa kinachomekwa chini vizuri sasa kinaishia katikati ya godoro.